Mstari Usiosomeka: Jinsi ya Kuandika Hadithi Fupi ya Karani wa Ardhi

Hadithi ya karani anayechapa kumbukumbu kuukuu za ardhi, kisha akakwama kwenye mstari mmoja, huharibika mapema pale mwandishi anapoufanya mstari huo fumbo tupu. Msomaji wa Uganda anayejua kesi za viwanja atauliza mara moja: huo mstari ulihusu nini, na nani angepoteza?

Hatua ya 1: Andika mstari kwanza, karani baadaye

Chukua ardhi ya mailo, ile iliyopata jina kwa sababu Mkataba wa 1900 uliwagawia wakuu wa Buganda ardhi kwa maili za mraba. Vipande vikubwa vilikatwakatwa vizazi kwa vizazi, na kila mkato ukaandikwa chini ya mwingine. Ukurasa wetu wa kubuni una haya:

Ekari 40.00, mwenye ardhi wa kwanza.
Zimetolewa ekari 12.50 kwa kanisa.
Zimetolewa ekari ?.50 kwa Nal…ga.
Salio, ekari 19.00.

Mstari wa tatu ndio uliofifia, na umefifia mahali pawili, kwenye tarakimu na kwenye jina. Usiufute wote. Mstari uliofutika kabisa haumpi karani kazi ya kufanya, kwa hiyo hadithi haina mahali pa kwenda.

Hatua ya 2: Mwache afanye kazi yake

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Sasa mpe jina karani. Mimi namwita Zubeda, binti wa Kinubi kutoka Bombo. Kwanza anainamisha taa ya mezani ili mwanga uupige ukurasa kutoka ubavuni, maana kalamu ya nibu huacha mfereji mwembamba hata wino ukiondoka. Halowanishi karatasi, wala hafuatishi herufi kwa kalamu yake. Karani anayefanya hivyo ameharibu ushahidi.

Tarakimu inaonekana kama 3 au 8. Anaacha kukodoa macho, anachukua kikokotoo. Arobaini ukitoa 12.50 zinabaki 27.50. Ili salio liwe 19.00, lazima zimetoka 8.50. Ingekuwa 3.50, salio lingesoma 24.00. Tarakimu imekubali.

Jina halikubali. Silabi *Na* mwanzoni inamwambia kwamba huenda ni mwanamke, kwa kuwa majina mengi ya kike ya Kiganda huanza hivyo. Anapima pengo kwa rula, akililinganisha na herufi za mwandishi yuleyule mistari ya juu. Panaingia herufi mbili zilizoachana au tatu zilizobanana. Nalwoga linaenea. Nalwanga pia linaenea.

Hatua ya 3: Funga milango ambayo mjuzi ataifikiria

Kipande kilichokatwa hupata hati yake, na hati hiyo huwa na nakala ya ofisini, ambayo watu wa masijala huiita ukurasa mweupe. Kuna pia fomu ya uhamisho. Usipozitaja, msomaji anayejua atasema Zubeda ni mvivu. Mpeleke kabatini, akute jalada lipo mahali pake lakini ndani hamna kitu. Sentensi mbili zinatosha. Na tafadhali, asitokee mzee wa kijiji anayekumbuka kila kitu, huyo nimemchoka.

Hatua ya 4: Mbane

Kompyuta haihifadhi ukurasa bila jina. Msimamizi anapita nyuma yake.

"Zubeda, huo ukurasa bado tu?"
"Jina halisomeki, bosi."
"Andika linaloelekea. Watakuja kulalamika, tutarekebisha."

Maneno hayo ya mwisho yana uzito kwa sababu, chini ya Sheria ya Usajili wa Hati, hati iliyosajiliwa ni ushahidi kamili wa umiliki, isipokuwa pakiwa na ulaghai au sababu nyingine zilizotajwa kisheria. Herufi moja ya Zubeda inaweza kumpa Nalwanga ekari 8.50 za Nalwoga, na kuitoa huko ni kwenda kwa msajili wa hati au mahakamani. Usimwachie msimamizi alieleze hilo. Weka dirishani mzee mwenye bahasha ya kaki, aliyekuja kuulizia shamba la mama yake.

"Binti yangu, limeonekana?"

Hatuambiwi mama yake anaitwaje. Zubeda angeweza kumwuliza, na hapo ndipo utamu wa hadithi: akimwuliza jina kisha akalichapa, atakuwa amemsoma mzee, hajasoma karatasi.

Hatua ya 5: Mwisho

Nimeona miswada inayomalizia kwa karani kulia au kufukuzwa kazi. Mimi ningemalizia kwa kikaratasi anachokibana kwenye ukurasa kabla ya kuupeleka kwa msajili, bila kuuchapa:

"Mstari wa 3. Eneo: ekari 8.50, kwa hesabu, si kwa kusoma. Jina: linaanza Nal, linaishia ga, katikati herufi 2 au 3. Sijajaza."

Kisha anamwendea mzee dirishani na kumwomba alete hati ya mama yake, kama ipo nyumbani.