Somo: Homoni, kiungo na saa za kufunga katika maswali ya glaikolisisi na glukoneojenesisi

Katika mitihani ya biokemia swali hili hurudi kwa sura nyingi: mtu amekaa bila kula kwa saa kadhaa, ni homoni ipi imepanda, na kati ya glaikolisisi, njia ya kuvunja glukosi kuwa piruveti, na glukoneojenesisi, njia ya kutengeneza glukosi mpya, ni ipi inayofanya kazi? Wanafunzi wengi huandika kwamba glukagoni imepanda, glukoneojenesisi imewaka na glaikolisisi imezimwa, kisha hushangaa kupewa nusu ya alama. Walichoandika ni kweli kwa ini. Katika viungo vingine vya mtu huyo huyo, saa hiyo hiyo, glaikolisisi inaendelea, na pengine inakwenda kwa kasi kuliko alipokuwa ameshiba.

Tutatumia mfano mmoja hadi mwisho. Mvuvi wa dagaa amekula ugali na sato saa 11 jioni, kisha ametoka mwaloni na wenzake kwenda ziwani. Usiku hauna mwezi, taa zimewashwa juu ya maji, na nyavu zimevutwa mara nyingi mpaka alfajiri. Anarudi nchi kavu saa 1 asubuhi bila kuwa ametia kitu kinywani, yaani amefunga kwa saa 14.

Hatua ya kwanza: tafuta uwiano wa homoni kwa kufuata saa

Baada ya ugali, wanga unameng'enywa kuwa glukosi, sukari ya damu inapanda, na kongosho linamwaga insulini. Sato naye ana protini nyingi, na protini huchochea insulini na glukagoni kwa pamoja. Ndiyo sababu inafaa kuuliza uwiano wa homoni hizo mbili ukoje, badala ya kuuliza tu kama glukagoni ipo au haipo. Saa za kwanza baada ya mlo, uwiano unaielemea insulini. Kufikia kama saa 5 usiku chakula kimekwisha kufyonzwa, sukari imerudi karibu na milimoli 5 kwa lita, insulini imeshuka na glukagoni imepanda. Kuanzia hapo ini linapokea ujumbe wa njaa, ingawa mvuvi mwenyewe huenda bado hajausikia tumboni.

Hatua ya pili: taja kiungo kabla ya kutaja njia

Ini lina vipokezi vingi vya glukagoni, na lina kimeng'enya cha glukosi-6-fosfatasi, ambacho huondoa fosfati ili glukosi huru iweze kutoka na kuingia kwenye damu. Misuli ya mifupa haina kimeng'enya hicho, wala haiitikii glukagoni. Kwa hiyo swali linalotaja misuli na glukagoni pamoja mara nyingi ni mtego: mikono inayovuta nyavu haiwezi kupeleka glukosi yake kwenye ubongo, na glukagoni haiwezi kuiamuru ifanye hivyo. Chembe nyekundu za damu, kwa upande wake, hazina mitokondria, na hutegemea glaikolisisi mchana na usiku, mtu awe ameshiba au amefunga.

Hatua ya tatu: fuata swichi iliyomo ndani ya ini

Hapa ndipo alama nyingi zilipo, kwa hiyo tukae kidogo. Mwaka 1980 watafiti wa Ubelgiji, Van Schaftingen, Hue na Hers, walitambua kiasi kidogo cha molekuli iitwayo fruktosi-2,6-bisfosfati. Molekuli hii haimo katika mfululizo wa hatua za glaikolisisi wala za glukoneojenesisi. Isichanganywe na fruktosi-1,6-bisfosfati, ambayo ni hatua halisi ya njia zote mbili. Kazi ya ile ya kwanza ni kutoa ishara tu: ikiwa nyingi, inakiamsha kimeng'enya PFK-1 cha glaikolisisi na kukizuia kimeng'enya FBPase-1 cha glukoneojenesisi. Ikipungua, PFK-1 kinalegea na FBPase-1 kinaachiliwa.

Anayetengeneza ishara hiyo na anayeivunja ni protini moja yenye sehemu mbili za kazi: sehemu ya PFK-2 hutengeneza, sehemu ya FBPase-2 huvunja. Glukagoni inapogusa kipokezi chake juu ya seli ya ini, kiwango cha cAMP, molekuli inayobeba ujumbe ndani ya seli, kinapanda, kinasi ya protini A inaamka, nayo inabandika fosfati kwenye protini hiyo. Fosfati ikishabandikwa, sehemu inayotengeneza inazimika na ile inayovunja inawaka. Fruktosi-2,6-bisfosfati inashuka, na mkondo ndani ya ini unageuka kuelekea kwenye glukosi. Insulini hufanya kinyume: huwezesha fosfati hiyo kuondolewa, ishara inapanda, na glaikolisisi ya ini inarudi.

Kwa hiyo mtahini anapoandika kwamba protini hii imebandikwa fosfati kwenye ini, amekwisha kukuambia kwamba ini la mtu huyo liko katika hali ya kufunga, hata kama neno kufunga halimo katika swali lote.

Hatua ya nne: tenganisha mabadiliko ya dakika na mabadiliko ya saa

Kinasi ya protini A hubandika fosfati pia kwenye piruveti kinasi ya ini, kimeng'enya cha mwisho cha glaikolisisi, na kukipunguza kasi. Kisipopunguzwa, fosfoenolpiruveti iliyotengenezwa kwa gharama ingerudi kuwa piruveti na nishati ingepotea bure. Mabadiliko hayo huchukua dakika. Sambamba nayo, insulini iliposhuka, mafuta yaliyohifadhiwa yamefunguliwa, asidi za mafuta zimefika kwenye ini na kuvunjwa kuwa asetili-CoA, na asetili-CoA hiyo inakiamsha piruveti kaboksilasi, kimeng'enya cha kwanza cha glukoneojenesisi.

Mabadiliko ya polepole ni ya jeni. Glukagoni, ikisaidiwa na kotisoli, huongeza utengenezaji wa kimeng'enya PEPCK, na insulini huuzuia. Hayo huonekana baada ya saa nyingi. Swali likisema «ndani ya dakika chache» huku mojawapo ya majibu likitaja kuongezeka kwa kiasi cha PEPCK, jibu hilo liache.

Hatua ya tano: rudi kwa mvuvi

Saa 5 usiku, glukosi nyingi inayotoka kwenye ini lake inatokana na glaikojeni iliyohifadhiwa. Kadiri usiku unavyosonga, glaikojeni inapungua na sehemu ya glukoneojenesisi inakua, na kwa kuwa anafanya kazi nzito, akiba hiyo inakwisha mapema kuliko kwa mtu aliyelala. Kama angeendelea bila kula mpaka jioni ya pili, karibu glukosi yote ya ini ingekuwa ya kutengenezwa upya.

Wakati huo huo, kwenye misuli ya mikono, adrenalini na kalsiamu vinafungua glaikojeni ya misuli, na AMP inayoongezeka kadiri ATP inavyotumika inakisukuma kimeng'enya PFK-1. Glaikolisisi inakwenda kwa kasi. Pale oksijeni na mitokondria visipoweza kuupokea mzigo wote, piruveti inakuwa laktati, inaingia kwenye damu na kufika kwenye ini, ambako inageuzwa tena kuwa glukosi. Huu ndio mzunguko wa Cori. Misuli inapata ATP 2 kwa kila glukosi inayovunjwa kuwa laktati, na ini linalipa ATP na GTP 6 kuirudisha. Malipo hayo yanatokana na uchomaji wa mafuta. Hivyo jibu kamili la saa 1 asubuhi ni kwamba kwenye ini glukoneojenesisi imewashwa na glukagoni na glaikolisisi imezimwa, ilhali kwenye misuli glaikolisisi imesukumwa na adrenalini na kazi yenyewe.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Nyamagana:* Shikamoo, Mwalimu. Umesema kinasi ya protini A huzima glaikolisisi ya ini. Adrenalini nayo hupandisha cAMP. Mbona basi moyo unapopata adrenalini glaikolisisi yake inaongezeka?

*Jibu:* Marahaba. Ni kwa sababu protini ya PFK-2 ya moyo si nakala ya ile ya ini. Fosfati inapobandikwa kwenye ile ya moyo, sehemu inayotengeneza ishara ndiyo inayowaka, kwa hiyo fruktosi-2,6-bisfosfati inapanda. Tena piruveti kinasi ya misuli haizimwi na kinasi ya protini A kama ile ya ini. Homoni ni ile ile na cAMP ni ile ile. Kilichobadilika ni umbo la kimeng'enya lililopo katika kiungo husika.

*Mwanachama wa Sengerema:* Kama mafuta ndiyo yanayochomwa usiku kucha, kwa nini tusiseme kwamba yanageuka kuwa glukosi?

*Jibu:* Asidi za mafuta zenye idadi shufwa ya kaboni, ambazo ndizo nyingi mwilini, huishia kuwa asetili-CoA, na kwa binadamu hakuna njia ya kuirudisha asetili-CoA kuwa piruveti. Ikiingia kwenye mzunguko wa asidi ya sitriki, kaboni 2 zinaingia na kaboni 2 zinatoka kama kaboni dioksidi, kwa hiyo hakuna ziada ya kutengenezea glukosi. Kinachogeuka ni gliseroli, ile sehemu ndogo iliyoshikilia asidi hizo. Ukiulizwa malighafi, andika laktati, alanini na gliseroli. Ukiulizwa nishati ya kuendesha kazi hiyo, andika asidi za mafuta.

*Mwanachama wa Ukerewe:* Mwalimu, kwetu kisiwani mtu anaweza kutoka ziwani asubuhi, akanywa gongo kabla ya kula, kisha akaanguka na kukutwa sukari iko chini sana. Glukagoni yake imeshindwa?

*Jibu:* Glukagoni imepanda inavyopaswa, na swichi ya fruktosi-2,6-bisfosfati imegeuka sawasawa. Kilichozuia ni kingine. Ini linapovunja pombe linatengeneza kwa wingi NADH, molekuli inayobeba elektroni. NADH ikizidi, laktati haigeuki kuwa piruveti, bali piruveti iliyopo husukumwa kuwa laktati, na gliseroli nayo inakwama njiani. Homoni imewasha njia lakini malighafi haipiti. Aliyekula vizuri huokolewa na glaikojeni ya ini. Huyu ameimaliza usiku. Katika swali la mtihani utamtambua kwa sukari iliyo chini pamoja na laktati iliyo juu. Hata sindano ya glukagoni haitamsaidia sana, kwa kuwa inategemea glaikojeni ambayo haipo. Anahitaji glukosi yenyewe, na ahudumiwe kituo cha afya bila kukawia.

*Mwanachama wa Ilemela:* Na mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza aliyekosa insulini, mwenye sukari ya milimoli 25 kwa lita? Ini lake si limejaa glukosi?

*Jibu:* Limezungukwa na glukosi, lakini linatii uwiano wa homoni. Insulini haipo, glukagoni haina wa kuizuia, protini ya PFK-2 imebandikwa fosfati, na utengenezaji wa PEPCK umepanda. Ini hilo linafanya kazi kama la mtu aliyefunga, linaendelea kumwaga glukosi kwenye damu iliyokwisha kujaa, na asetili-CoA inayozidi inageuzwa kuwa ketoni.