Chuo kimekaa kimya: mambo ya kuangalia kabla ya kutuma kikumbusho

Mpwa wangu alimaliza diploma ya uhasibu katika chuo kimoja hapa Kisumu, akataka kuendelea na shahada ya biashara. Jumatatu tarehe 12 Juni 2023 aliiandikia barua pepe ofisi ya usajili ya chuo kikuu kimoja cha umma huku magharibi. Alikuwa na swali moja: je, masomo ya diploma yanaweza kumpunguzia muda, aanzie mwaka wa pili? Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa tarehe 31 Julai. Alhamisi jioni alinipigia simu. "Mjomba, siku tatu zimeisha na hawajasema lolote. Nimeandika nyingine, niangalizie tu kabla sijaituma." Nilimwomba asiitume kwanza.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba barua ilifika, na kwamba jibu lina mahali pa kurudi. Watu wengi huku hutuma maombi kupitia saiba, na mara nyingi mwenye saiba hutumia anwani yake mwenyewe ili mambo yaende haraka. Chuo kinajibu vizuri kabisa, lakini jibu linalala kwenye sanduku la mtu wa Kondele aliyekwisha kukusahau. Kwa hiyo fungua barua uliyotuma uone imetoka anwani gani. Kisha angalia kama kuna ujumbe kutoka kwa Mail Delivery Subsystem, maana huo ndio unaokuambia kwamba barua ilirudi, kwa kawaida kwa sababu ya herufi moja iliyokosewa kwenye anwani. Angalia pia sehemu ya Spam. Kama uliambatisha picha za vyeti zilizopigwa kwa simu, tazama uzito wake. Gmail huruhusu megabaiti 25 kwa barua moja, lakini sanduku la upande wa pili huenda likakubali kidogo kuliko hapo. Vyeti vilivyoskaniwa vikawekwa kwenye PDF moja huwa vyepesi, na karani anavifungua mara moja tu.

Barua ya mpwa wangu ilikuwa imefika. Ilikuwa imetoka kwenye anwani yake mwenyewe na haikuwa imerudi. Kasoro ilikuwa kwenye kichwa chake, kilichosema "Swali" basi. Ofisi ya usajili inayopokea barua nyingi kabla ya muhula mpya haiwezi kupanga kazi kwa neno hilo.

Jambo la pili ndilo watu hulisahau zaidi, nalo ndilo linaloamua usubiri kwa muda gani. Jiulize: swali langu linaweza kujibiwa na karani aliyeketi pale mezani, au lazima lizunguke? Tarehe ya kuripoti, ada ya maombi, orodha ya vyeti vya kuleta, hayo karani anayo mkononi. Siku tano za kazi zinatosha, na zikipita unaweza kukumbusha bila wasiwasi. Lakini swali la kupunguziwa masomo haliamuliwi na ofisi ya usajili. Linapelekwa kwenye idara, na mwalimu wa idara hukaa na transkripti ya mwombaji akalinganisha kila yuniti na ya kwao: je, uhasibu wa gharama uliofundishwa kwenye diploma unagusa mada zilezile, kwa saa zinazokaribiana? Jina la yuniti peke yake halimwambii hayo. Akikosa muhtasari wa kozi, anaiweka barua kando mpaka apate nafasi ya kuuliza. Swali la namna hii lipe siku kumi za kazi. Ukikumbusha siku ya tatu, unamkumbusha mtu ambaye pengine ameshalipeleka mbele na hana la kukuambia. Kinachobaki akilini mwake ni jina lako na haraka yako.

Siku za kazi zihesabiwe kwa kalenda. Tulianza kuhesabu Jumanne tarehe 13, tukaruka Jumamosi na Jumapili mbili, siku ya kumi ikaangukia Jumatatu tarehe 26. Kwa hesabu hiyo kikumbusho kingeenda Jumanne tarehe 27. Lakini Jumatano tarehe 28 ilikuwa Idd-ul-Adha, sikukuu ya taifa, na barua inayoingia mkesha wa sikukuu hufunikwa na zinazofuata kabla haijasomwa. Tukaipeleka Alhamisi tarehe 29, saa mbili na nusu asubuhi, ofisi zikiwa zimefunguliwa tu. Ijumaa alasiri naiepuka kwa sababu hiyohiyo. Halafu hesabu pia kutoka mwisho kurudi nyuma. Kutoka tarehe 29 Juni hadi 31 Julai zilikuwa zimebaki zaidi ya wiki nne, kwa hiyo subira tulikuwa nayo. Zingekuwa zimebaki siku sita, nisingemwambia asubiri kumi. Ningemwambia apige simu siku hiyohiyo, na aseme wazi kwamba sababu ni tarehe ya mwisho.

Sasa maneno yenyewe. Kikumbusho chake cha kwanza, kile nilichomzuia asitume, kilisema: "Niliwaandikia Jumatatu na mpaka sasa bado hamjanijibu. Naomba mnijibu haraka iwezekanavyo." Hakuna tusi hapo, na yeye hakuwa na nia mbaya. Lakini "mpaka sasa" na "bado" yakiwekwa pamoja yanamshtaki msomaji, na "hamjanijibu" inamtaja yeye kama mkosaji. Jaribu kulifanya swali lako ndilo liwe mwenye sentensi, badala ya ofisi. "Nafuatilia swali langu la tarehe 12 Juni" haimlaumu mtu yeyote. Pia ondoa neno "haraka" uweke tarehe yenye sababu. Karani anaweza kufanya kazi na tarehe. Neno haraka kila mwombaji analiandika.

Kilichoenda kilikuwa hivi. Tulikiandika kwa Kiingereza kwa kuwa barua ya kwanza ilikuwa ya Kiingereza, lakini mifupa ni hii:

"Habari za asubuhi. Nafuatilia swali langu la tarehe 12 Juni, lililo hapa chini, kuhusu kuanzia mwaka wa pili wa shahada ya biashara kwa mwenye diploma ya uhasibu. Kama limepelekwa kwenye idara, nitashukuru kujua ni ofisi gani ninayopaswa kuwasiliana nayo. Nimeambatisha transkripti na muhtasari wa kozi endapo vitahitajika. Ninauliza mapema ili niweze kukamilisha maombi kabla ya tarehe 31 Julai. Asanteni kwa muda wenu."

Ona kwamba barua hii inampa karani njia rahisi. Hata kama hana jibu lenyewe, anaweza kuandika sentensi moja: nenda idara fulani. Kikumbusho kinachodai jibu kamili hukwama pale barua ya kwanza ilipokwama. Na kiliandikwa kwa kubofya Reply juu ya barua ya kwanza aliyoituma, ili yote yasomeke pamoja. Ukianza barua mpya kila mara, huenda ofisi ikaona watu watatu tofauti, au kila karani akadhani mwenzake ameshajibu. Kichwa tulikirekebisha kikawa na jina lake, kozi, na muhula wa Septemba. Kwa aliyekwisha kupewa namba ya maombi, hiyo ndiyo itangulie. Tahadhari moja: ukibadilisha kichwa, baadhi ya programu za barua pepe huihesabu kuwa barua mpya, kwa hiyo hakikisha maneno ya barua ya kwanza yamebaki chini.

Kuna kishawishi cha kuweka nakala kwa makamu wa chansela, mkuu wa kitivo na kila anwani iliyo kwenye tovuti. Naomba usifanye hivyo kwenye kikumbusho cha kwanza. Karani anaona ameshtakiwa kwa wakubwa wake kabla hajaulizwa, na wakubwa nao wataishusha barua kwake yeye yule.

Baada ya kikumbusho cha kwanza, subiri siku tano za kazi. Cha pili, kwa maoni yangu, kiwe simu. Mpwa wangu alipiga Alhamisi tarehe 6 Julai, saa tatu na nusu. Saa mbili kamili watu wanafungua madirisha, na baada ya saa sita na nusu mawazo yako kwenye chakula. Alikuwa na karatasi mbele yake yenye tarehe mbili za barua, anwani aliyotumia, na swali lake kwa sentensi moja. Alianza hivi: "Samahani kwa usumbufu, niliandika tarehe 12 na tarehe 29 Juni kuhusu diploma na mwaka wa pili. Naomba tu kujua iko ofisi gani." Mama aliyepokea alitafuta kwa jina, akamwambia iko idarani tangu wiki iliyopita, akampa jina la ofisi na namba ya ndani. Simu yote ilichukua dakika nne. Siku hiyohiyo aliandika mistari miwili ya kushukuru, akitaja walichoelewana. Mistari hiyo ndiyo kumbukumbu pekee ya mazungumzo ya simu, kwa hiyo usiiache.

Kama simu haipokelewi, au kila siku unaambiwa "piga kesho", hapo nauli ya matatu ina maana. Beba vyeti halisi na nakala, pamoja na barua zako zilizochapishwa. Ofisi za umma kwa kawaida hupumzika kuanzia saa saba hadi saa nane mchana, basi panga ufike kabla ya saa nne.

Kwa chuo cha umma kuna pia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ombi la habari linaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na taasisi ina siku 21 za kulitolea uamuzi. Ikikataa au ikinyamaza, mlalamishi huenda kwa Tume ya Haki ya Utawala. Lakini sheria hiyo inakupa habari iliyopo tayari, kama vile kanuni za kupunguza masomo. Haiwezi kuilazimisha idara ikupe mwaka wa pili. Wala usiitaje kwenye kikumbusho, kwa sababu hapo barua yako inageuka kuwa mzozo. Ukiihitaji, iandikie ombi lake la peke yake.

Idara ilimjibu mpwa wangu Jumanne tarehe 11 Julai. Ilikubali yuniti kadhaa na kukataa nyingine, na haikumruhusu kuanzia mwaka wa pili. Alituma maombi ya mwaka wa kwanza tarehe 14, siku 17 kabla ya mwisho, akiambatisha barua ya idara ili zile yuniti zilizokubaliwa zisije zikahitaji kuulizwa upya.