Kalori za sufuria nzima ya pilau: jinsi ya kujua sahani moja ina ngapi

Ukitafuta kalori za pilau mtandaoni utaletewa namba tano, kila moja na yake, na hakuna hata moja inayojua umemimina mafuta kiasi gani kwenye sufuria yako. Njia ya uhakika ni kupima vitu vibichi kabla ya kupika, kujumlisha kalori zake, kisha kupima pilau yote ikishaiva na kugawa. Hesabu yenyewe ni ya darasa la tano. Kinachowashinda wengi ni ule uzito wa pilau iliyoiva, kwa hiyo hapo ndipo tutakapokaa sana.

Mfano wetu ni sufuria ya kilo mbili za mchele na nyama ya ng'ombe, inayopikwa Jumapili kwa watu kumi au kumi na wawili.

Hatua ya 1: Mizani

Tumia mizani ya jikoni ya dijitali, ile bapa inayobeba hadi kilo tano. Vikombe na vijiko weka pembeni, kwa sababu kikombe cha mchele cha nyumba hii si cha nyumba ile. Mizani ya kusimama ya kupimia mwili nayo haifai hapa: inaruka kwa gramu mia au zaidi, na kitu chepesi wakati mwingine haikioni kabisa.

Kabla ya kuanza angalia kioo kimeandika `g`. Mizani nyingi zina kitufe kinachobadilisha kwenda `oz`, `lb` au `ml`, na kidole kikikigusa bahati mbaya utaandika namba za ajabu bila kujua.

Hatua ya 2: Pima vibichi, uandike

Andika kwenye daftari, usitegemee kichwa. Mchele upimwe mkavu, kabla ya kuuosha, maana ukishaosha tayari umekunywa maji. Usiamini kilo ya dukani. Upime tena nyumbani. Viazi vya sado na vitunguu vya fungu vipimwe vikishamenywa.

Mafuta usiyapime kwa macho. Weka chupa kwenye mizani kabla ya kupika, andika, mimina unavyomimina siku zote, kisha pima chupa tena. Tofauti ndiyo mafuta uliyotumia. Ukikaanga viazi pembeni kwenye karai, fanya vivyo hivyo: mafuta yaliyoingia, toa yaliyobaki na kurudishwa kwenye chupa. Kosa la mafuta ndilo linaloumiza kuliko makosa yote, kwa sababu gramu moja ina karibu kalori 9, na mililita mia za ziada zinaongeza kama kalori 810 kwenye sufuria.

Ukisoma kalori kwenye pakiti, chukua namba ya `kcal`. Ile kubwa iliyo jirani yake ni `kJ`, na ukiichukua hiyo pilau yako itakuwa na kalori mara nne zaidi. Kwa vitu visivyo na pakiti, majedwali ya vyakula vya Tanzania yaliyotolewa 2008 na Muhimbili pamoja na Taasisi ya Chakula na Lishe yanatosha kabisa.

Sufuria yetu ilikuwa hivi:

Mchele mkavu gramu 2,000, kwa kalori 360 kila gramu mia: 7,200.
Nyama ya steki gramu 1,500, kwa 200: 3,000.
Mafuta ya alizeti gramu 276 (ni kama mililita 300), kwa 884: 2,440.
Viazi vilivyomenywa gramu 1,000, kwa 77: 770.
Vitunguu maji gramu 500, kwa 40: 200.
Kitunguu saumu na tangawizi gramu 100: kama 110.
Bizari ya pilau gramu 30: kama 100.

Jumla ni kalori 13,820. Maji na chumvi havina kitu. Bizari ungeiacha na hesabu isingetikisika, imewekwa tu ili mtu asiulize.

Hiyo 200 ya nyama ni ya steki yenye mafuta kiasi. Kama mchinjaji amekupa yenye mafuta meupe yanayoonekana, weka 250. Tofauti ni kalori 750 kwa sufuria nzima, sawa na 40 hivi kwenye sahani ya gramu 400. Na ule mchuzi uliochemshia nyama, ukiupikia mchele wote, huna haja ya kuuhesabu peke yake, kwa kuwa mafuta yaliyotoka kwenye nyama yamehamia humo na yanarudi kwenye wali. Ukiengua mafuta yanayoelea juu na kuyatoa, yapime na uyapunguze.

Hatua ya 3: Pika

Kama kawaida yako.

Hatua ya 4: Uzito wa pilau iliyoiva

Hapa ndipo watu hupotea, na hupotea kwa njia mbili. Wa kwanza anapima sahani ya pilau iliyoiva, gramu 400, halafu anazidisha kwa kalori za mchele mkavu. Anapata 1,440, anaogopa, anaacha kula. Wa pili anachukua kalori za wali mweupe uliopikwa, 130 kwa gramu mia, anapata 520 na kufurahi bure, kwa sababu wali huo hauna mafuta wala nyama. Sahani ile ile kwa hesabu sahihi ina 728. Tutaifikia.

Mchele mkavu unakunywa maji na kuongezeka uzito mara mbili na nusu hivi, nyama inapungua karibu theluthi, na maji mengine yanatoka na mvuke. Huwezi kukisia yote hayo. Wala usichukue uzito wa mwisho kwenye mapishi ya mtu wa Tanga au Unguja. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya bahari na maji yanachemka karibu nyuzi 95, kwa hiyo nyama inakaa motoni muda mrefu na maji unayoongeza ni mengine. Moshi iko chini kidogo, lakini bado si pwani. Hata wewe mwenyewe, Jumapili hii pilau inatoka kavu, ijayo inatoka laini. Kwa hiyo inapimwa kila inapopikwa.

Sufuria yenye pilau ya kilo saba na ushee haiwezi kupanda kwenye mizani ya kilo tano. Wengine hufunga kanga kwenye masikio ya sufuria na kuining'iniza kwenye mizani ya kupimia mizigo. Usifanye hivyo na sufuria ya moto. Njia nzuri ni kupima wakati wa kuhamishia kwenye hotipoti, kwa sababu kazi ya kupakua ungeifanya tu:

Pima beseni tupu na uandike uzito wake. Letu lilikuwa gramu 310. Usitegemee kitufe cha `TARE` kukukumbukia, maana mizani hizi hujizima zenyewe baada ya dakika chache, na ukiiwasha tena beseni likiwa juu, sifuri yako imeshapotea. Ukiwa na namba kwenye daftari, mizani ikizima unaendelea tu.

Pakua, pima, mimina kwenye hotipoti, rudia. Mizani iwe juu ya ubao wa kukatia, mbali na jiko, na ufute mvuke chini ya beseni. Pilau yetu ilitoka hivi: 2,910, kisha 2,860, kisha 2,560. Raundi ya nne ilikuwa ya ukoko, 510.

Ukoko usiusahau. Ukipalia kwa makaa juu na chini, chini kunabaki tabaka la kahawia linalong'ang'ania sufuria, na kila nyumba ina mtu anayelisubiri na kijiko mkononi. Likwangue, lipime, kisha mpe. Ukiliacha nje, kalori zake zitabaki kwenye jumla wakati uzito wake haumo, na sahani za wengine zitaonekana na kalori nyingi kuliko zilizonazo. Kilichogoma kabisa kutoka kiache, ni gramu chache.

Toa gramu 310 kila raundi: 2,600 na 2,550 na 2,250 na 200. Jumla gramu 7,600.

Kama nyama ilikuwa ya mifupa, kuna kazi moja zaidi. Mwambie kila anayekula aweke mifupa yake kwenye sahani moja, kisha ipime yote. Uzito huo upunguze mara mbili: kwenye nyama mbichi kabla ya kuzidisha kalori, na kwenye uzito wa pilau iliyoiva kabla ya kugawa. Mfupa unapoteza uzito kidogo ukichemshwa, ila si wa kukukosesha usingizi. Tatizo ni kwamba jibu unalipata watu wameshakula, kwa hiyo mara ya kwanza nunua steki.

Hatua ya 5: Gawa

```
13820 / 7600 = 1.82 kcal kwa gramu
1.82 x 400   = 728 kcal
1.82 x 250   = 455 kcal
```

Usigawe jumla kwa idadi ya watu. 13,820 kwa watu 12 ni 1,150 kila mmoja, namba isiyomhusu yeyote: mtoto anakula gramu 200 na kijana aliyetoka uwanjani anakula 700. Kalori kwa gramu ndiyo inayomfaa kila mtu.

Angalia pia maji yanavyocheza. Pilau hiyo hiyo ikitoka laini na kufika gramu 8,100, kila gramu mia inashuka kutoka 182 hadi 171. Jumla haijabadilika hata kalori moja.

Hatua ya 6: Sahani

Kama familia inakula kwenye sinia moja, huwezi kujua nani kala nini. Mpakulie pembeni yule anayefuatilia, sinia ibaki ya wengine.

Nyama haijitawanyi sawasawa, na anayepakuliwa mwanzo hupata ya juu. Changanya kwa mwiko kutoka chini kabla ya kupakua, na hesabu vipande: kama viko 48 na sahani ni 12, kila sahani vinne. Halafu pima mara moja kijiko kikubwa cha kupakulia kikiwa kimejaa. Chetu kilibeba gramu 135, kwa hiyo vijiko vitatu ni kama kalori 740, na kuanzia hapo mizani irudi kabatini.

Kachumbari ya nyanya na kitunguu haina uzito wowote kwenye hesabu, mpaka utie parachichi: gramu mia zake ni kalori 160. Na kiporo cha asubuhi kina 1.82 ile ile, isipokuwa umekipasha kwa kijiko cha mafuta, na hapo ongeza 120.