Mpito, muundo au mzunguko? Jinsi ya kutambua aina ya ukosefu wa ajira kwenye swali la mtihani

Mwanafunzi wa kidato cha sita anaweza kukutajia fasili za aina hizi tatu bila kusita, lakini swali likija kama kisa, anachanganyikiwa. Fasili zinaeleza aina zenyewe, ila kisa kinakupa dalili tu, na dalili moja inaweza kufanana na aina mbili. Kwa hiyo weka fasili pembeni kwanza, usome kisa kwa mpangilio huu.

Hatua ya 1: Piga mstari chini ya sababu

Si chini ya mtu wala kazi yake, chini ya sababu. "Mhasibu ameacha kazi Kariakoo na anasubiri majibu ya usaili Posta": sababu ni kubadilisha kazi kwa hiari. Uhasibu wake haukusaidii kitu hapa.

Hatua ya 2: Uliza kama nafasi zipo

Kama nafasi zipo na mtafuta kazi anazimudu, ila bado hawajakutana, huo ni ukosefu wa ajira wa mpito. Unaongezeka pale taarifa za kazi zinapochelewa kufika, wahitimu wanapoingia sokoni kwa wingi kwa wakati mmoja, au watu wanapohama mji. Aina hii ipo hata uchumi ukiwa na afya nzuri, kwa hiyo usiandike kwamba "uchumi umeanguka" kwa sababu tu kisa kimetaja mtu asiye na kazi.

Kama nafasi hazipo, au zipo lakini mtu hazimudu, endelea na hatua ya 3. Hapa ndipo alama nyingi hupotea.

Hatua ya 3: Tenganisha muundo na mzunguko

Kisa cha kawaida ni cha kiwanda kufungwa. Wengi wanaandika "mzunguko" kwa kuwa wafanyakazi wamepunguzwa. Kupunguzwa kwa wafanyakazi hakutoshi kukuambia aina. Jiulize hivi: mahitaji ya jumla yakirudi kama zamani kesho, je, kazi ile ile itarudi kwa mtu yule yule? Ikirudi, ni mzunguko. Isiporudi, ni muundo.

Chukua mkonge wa Tanga. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha takriban tani 230,000 za mkonge. Baadaye kamba na nyuzi za plastiki zikachukua soko, na uzalishaji ukashuka kwa miongo kadhaa. Zilikuwepo sababu nyingine pia, zikiwemo za umiliki na uendeshaji wa mashamba, lakini angalia jambo moja: plastiki ilipoanza kula soko hilo, uchumi wa dunia ulikuwa unakua. Watu hawakukosa fedha za kununua kamba, walinunua kamba nyingine. Mkata mkonge aliyepoteza kazi hakusaidiwa na kukua kwa uchumi huo. Huo ni muundo.

Sasa linganisha na utalii wa mwaka 2020. Watalii waliofika Tanzania walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi kama 620,000. Mpishi wa hoteli Zanzibar alikaa nyumbani, lakini upishi wake haukupitwa na wakati. Wageni waliporudi, na mwaka 2023 walivuka milioni 1.8, ujuzi ule ule ulihitajika tena. Tatizo lilikuwa mahitaji kuporomoka. Chanzo chake kilikuwa ugonjwa, si kupanda na kushuka kwa kawaida kwa biashara, kwa hiyo ni salama zaidi kuandika "ukosefu wa ajira unaotokana na upungufu wa mahitaji, wa kundi la mzunguko", kisha ueleze chanzo.

Kisa hiki kinaonyesha pia udhaifu wa ile kanuni ya haraka wanayopewa wanafunzi, kwamba sekta moja ikiumia ni muundo, zikiumia zote ni mzunguko. Idadi ya sekta ni dalili nzuri, lakini haitoshi peke yake. Utalii uliumia kuliko sekta nyingi nyingine, na bado haukuwa muundo.

Kisa kigumu zaidi ni cha makondakta wa daladala. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Mei 2016 katika Barabara ya Morogoro, daladala za njia hiyo ziliondolewa, na abiria wakaanza kununua tiketi kituoni. Kondakta aliyehamia na gari lake njia nyingine akakaa wiki chache bila kazi: mpito. Kondakta aliyebaki bila gari, huku mfumo mpya hauhitaji mtu wa kukusanya nauli mlangoni: muundo. Tukio ni moja, majibu ni mawili. Swali likisema "makondakta" bila kueleza hatima yao, andika yote mawili na utaje sharti la kila jibu. Mimi huona hili ni bora kuliko kubahatisha moja.

Tahadhari ya mwisho ni muda. Mdororo ukidumu miaka mingi, ujuzi unachakaa na waajiri wanaanza kumtilia shaka aliyekaa muda mrefu bila kazi. Mzunguko hugeuka muundo. Kisa kikitaja miaka, taja mgeuko huo kwa mpangilio: kilichoanza, kisha kilichofuata.

Hatua ya 4: Kama kuna jedwali, soma nafasi wazi kabla ya asilimia

Tuseme mji una nguvukazi ya watu 200,000. Mwaka wa kwanza wasio na kazi ni 10,000 na nafasi wazi ni 9,000. Mwaka wa pili wasio na kazi ni 18,000. Kiwango kimepanda kutoka asilimia 5 hadi 9, lakini asilimia hizo hazikuambii aina.

Nafasi zikiwa zimeshuka hadi 2,500, waajiri wameacha kuajiri: ongezeko ni la mzunguko. Zikiwa 16,000, waajiri wanatafuta watu na hawawapati, kwa hiyo si mzunguko. Hapo tazama muda wa kukaa bila kazi. Wengi wakikaa wiki chache, ni mpito. Wakikaa mwaka na zaidi huku nafasi zikibaki wazi, ujuzi au mahali havioani: muundo.

Usiseme watu wote 18,000 ni wa aina moja. Unaeleza lile ongezeko la 8,000, kwani katika wale 10,000 wa mwanzo aina nyingine zilikuwemo tayari.

Hatua ya 5: Hakikisha suluhisho linaendana na sababu

Kosa linalojirudia ni kuandika "serikali itoe mafunzo" kwa aina zote tatu. Mafunzo, kama ya VETA, yanatibu muundo. Mpishi wa mwaka 2020 hakukosa ujuzi, na mafunzo yasingemletea mgeni. Kwa mzunguko andika matumizi ya serikali, nafuu ya kodi au kupunguza riba. Tangu Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania inaongoza sera yake ya fedha kwa riba yake, iliyoanzia asilimia 5.5, na huo ni mfano mzuri wa kutaja. Kwa mpito, andika kusambaza taarifa za kazi na kuharakisha usaili.

Kisa kikitaja wavuna korosho wasio na kazi baada ya msimu, usikilazimishe kuingia katika aina hizi tatu. Huo ni ukosefu wa ajira wa msimu. Utaugundua kwa sababu kazi inarudi kila mwaka katika miezi ile ile, uchumi ukiwa juu au chini.