Kumfundisha msaidizi wa duka kukagua matangazo kila asubuhi: aanze na rafu, simu baadaye

Duka langu la mapazia liko Eastleigh, na matangazo yangu ni ya aina moja tu: mtu anaona picha Facebook au Instagram, anabonyeza, anaingia WhatsApp ya duka. Bajeti ni shilingi 700 kwa siku. Matangazo ya namna hii mara nyingi huharibikia dukani: jora limeisha, bei imepanda, au simu ya kaunta imeishiwa bando. Msaidizi huyaona mambo hayo kabla yangu, ndiyo maana ukaguzi wa kila siku nimemwachia yeye. Lakini nimemwekea mipaka, na mipaka hiyo ilitokana na hasara.

Msaidizi niliyekuwa naye kabla ya huyu alifungua Ads Manager saa tatu asubuhi, akakuta shilingi 160 zimetumika na ujumbe umeingia mmoja tu. Kwa kawaida ujumbe mmoja hutugharimu kama shilingi 35. Akashtuka. Akabadilisha picha, akatoa Nairobi akaweka Kenya nzima, akaongeza bajeti hadi 1,500. Alikuwa na nia njema, na mimi sikuwahi kumwambia asiguse. Hesabu ya asubuhi haina uzito, kwa sababu watu wengi huuliza mapazia jioni wakishatoka kazini. Mabadiliko makubwa kama yale hurudisha tangazo kwenye hali ya Learning: mfumo unaanza upya kutafuta watu wanaofaa, na huhitaji matokeo kama 50 ndani ya wiki ili utulie. Niliporudisha kila kitu kama kilivyokuwa, hayo nayo yakahesabiwa mabadiliko mapya. Tulikaa siku sita ujumbe mmoja ukitugharimu shilingi 80, na huku watu wa mbali wanauliza kama tutawafungia pazia nyumbani kwao.

Hatua ya 1: Funga milango kabla ya kumpa ufunguo

Usimpe nywila yako. Mwongeze kwenye mipangilio ya biashara kwa akaunti yake mwenyewe, na wiki mbili za kwanza mpe ruhusa ya View performance peke yake. Hapo anaona kila kitu ila hawezi kubadilisha chochote. Akishazoea, mpe ruhusa ya kusimamia matangazo, maana bila hiyo hawezi kuzima tangazo. Hakuna ruhusa ya kuzima tu, kwa hiyo kuna mambo mawili ya kukulinda. La kwanza ni Account spending limit, kikomo cha akaunti nzima: kikifikiwa, matangazo yote yanasimama. Mimi huweka kiasi cha wiki mbili, shilingi 9,800, kisha nakifungua upya mwenyewe. La pili ni Activity history, inayoonyesha nani alibadilisha nini na saa ngapi. Mwonyeshe ukurasa huo mkiwa pamoja, ajue upo.

Angalia pia saa ya akaunti. Ikiwa imewekwa saa za Los Angeles, siku yake inaisha huku kwetu saa nne au saa tano asubuhi, na neno Yesterday halitamaanisha jana ya duka lenu.

Hatua ya 2: Maswali matano kwa mpangilio huu

Karatasi yetu imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la kaunta, na mpangilio wake haubadilishwi.

1. Kila pazia lililo kwenye tangazo lipo dukani, angalau mita 20?
2. Bei na mahali tulipo ni vile vile tangazo linavyosema?
3. Simu ya duka ina chaji na bando, na ujumbe wa jana usiku umejibiwa?
4. Safu ya Delivery, inayoonyesha kama tangazo linaendelea, inasema nini?
5. Jana zilitumika shilingi ngapi, na ujumbe uliingia mara ngapi?

Mita 20 nimezichagua kwa kuwa sebule ya kawaida ya wateja wangu hula mita 8 hadi 10. Chini ya hapo, wateja wawili wakinunua asubuhi, mchana tangazo linaita watu waje kuulizia kitu kisichokuwepo.

Kwenye swali la pili mfundishe kulitazama tangazo kwa hakikisho la Ads Manager. Akilikuta kwenye simu yake huko Facebook asilibonyeze, kwa sababu anaweza kuhesabiwa kama mteja.

Swali la tano ndilo linalochanganya. Idadi ya Ads Manager haitalingana na ujumbe anaouona WhatsApp. Mfumo unahesabu mazungumzo mapya yaliyotokana na tangazo, au ya mtu aliyenyamaza siku saba au zaidi. Mteja wa juzi akirudi leo kuuliza rangi nyingine hahesabiwi. Aandike idadi ya mfumo bila kuilinganisha na simu. Tena achukue ya jana nzima. Ya leo asiitazame. Akikuta jana zimetumika 760 badala ya 700 asishtuke: mfumo unaruhusiwa kuvuka bajeti siku fulani, ila kwa wiki hauzidi bajeti ya siku mara saba, yaani 4,900 kwetu.

Hatua ya 3: Mpaka uwe sentensi moja

Tulikubaliana hivi: anaweza kulizima tangazo kwa sababu ya duka, hawezi kulizima kwa sababu ya hesabu. Pazia limeisha, bei si sahihi, au simu imekufa: azime tangazo hilo moja, bila kugusa kampeni nzima, kisha aniandikie. Sababu ikiondoka aliwashe mwenyewe siku hiyo hiyo. Likikaa limezimwa siku saba, mfumo unaweza kuanza kujifunza upya, kwa hiyo siku ya tano ananikumbusha.

Bajeti, picha, maneno, na watu tunaowalenga si vyake. Tangazo likiandikwa Rejected, anapiga picha ya skrini na kunitumia bila kulihariri. Gharama ya ujumbe ikipita 70, mara mbili ya kawaida yetu, kwa siku tatu mfululizo, anapiga simu. Siku moja mbaya anaiandika tu.

Hatua ya 4: Mpime bila kumwambia

Siku mbili za kwanza tulikagua pamoja, yeye akishika simu, mimi nikinyamaza. Siku ya sita nilipandisha jora la maruni stoo ya juu kabla hajafika, nisiseme neno. Nilitaka kuona kama anatazama rafu kweli au anaweka alama za ndiyo kwa mazoea. Alifika swali la kwanza, akasimama, akainama chini ya kaunta, akatazama nyuma ya neti nyeupe, kisha akaniuliza, "Mama, maruni tuliuza yote jana?" Nikamwambia afanye kama ambavyo angefanya nisipokuwepo. Kwa kuwa bado alikuwa na ruhusa ya kutazama tu, alinionyesha kidole palipo na kitufe cha kuzimia, kwenye tangazo la maruni peke yake, akaandika daftarini:

"Maruni haipo. Lizimwe saa 2:40. Kijivu mita 34, sawa. Bando ipo. Active zote. Jana 742, ujumbe 21."

Gawanya 742 kwa 21 upate kama 35. Jora likashuka, naye akachukua futi ya mita na kulipima kabla ya kuandika mstari wa pili.