SOMO: Goli la H kwenye picha si lazima liwe la raga

Wiki hii nimeulizwa mara sita: "Picha hii ina goli la H, ni uwanja wa wapi?" Naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

1. Tafuta nakala kubwa kabisa ya picha. Ile ndogo imeshafuta mistari.

2. Tazama umbo la uwanja. Ukiwa wa duara la yai, na goli lina nguzo nne zisizo na mtambaa panya, huo ni mpira wa Kiaustralia. Ukiwa mstatili, endelea.

3. Pima goli. Hapa ndipo nilipokosea, kwa hiyo soma taratibu. Niliwahi kupewa picha yenye goli la H, tope na ukungu, nikasema ni raga papo hapo, kisha nikakesha siku tatu nikipekua viwanja vya Welisi kwenye picha za setilaiti. Nyavu, ambazo goli la raga halina, zilikuwepo, ila ukungu ulizificha. Ningepima, ningejua mapema. Goli la raga lina upana wa mita 5.6 na mtambaa panya uko mita 3 kutoka chini, yaani upana ni kama mara 1.9 ya kimo. Goli la mpira wa Kigaeli, mchezo wa Ayalandi, ambalo hutumika pia kwa haling, mchezo wa Ayalandi wa fimbo na mpira, lina upana wa mita 6.5 na mtambaa panya uko mita 2.5, yaani mara 2.6. Kwenye picha yangu upana ulikuwa pikseli 310 na kimo 120. Gawanya: 2.58. Raga haifiki hapo.

Onyo: pima upana kutoka ukingo wa ndani wa nguzo hadi wa ndani wa nyingine. Kimo kipime kutoka chini hadi mtambaa panya kwenye nguzo zote mbili, uchukue wastani, maana iliyo karibu na kamera huonekana ndefu zaidi.

Onyo la pili ni zito zaidi. Picha ikipigwa kutoka pembeni, upana hupungua lakini kimo kinabaki. Kwa hiyo 2.5 inaiondoa raga, lakini 1.8 haithibitishi raga: inaweza kuwa goli la Kigaeli lililotazamwa kwa mshazari.

4. Hakikisha kwa mistari. Uwanja wa Kigaeli hauna kisanduku cha mita 16.5 tulichokizoea kwenye soka. Una mistari inayokatiza uwanja mzima mita 13, 20, 45 na 65 kutoka goli, na nusu duara iliyokaa juu ya mstari wa mita 20.

5. Majukwaa yaje mwisho, kwa sababu mistari inakutajia mchezo tu, haikutajii mji. Croke Park ya Dublin, kwa mfano, ina majukwaa marefu pande tatu, na upande wa nne ni Hill 16, jukwaa la kusimama lililo chini zaidi, na reli inapita nyuma yake.

MASWALI

Swali: Mkuu, nina picha ya goli la H, ni wapi?

Jibu: Umepima? Rudi hatua ya 3.

Swali: Sina muda wa kupima, wewe sema tu kwa macho.

Jibu: Kwa macho ndiko kulikonikesha siku tatu. Sitasema.

Swali: Nimepima nikapata 3 kamili, na goli ni la H. Nimekosea wapi?

Jibu: Hujakosea, na umefanya vizuri kuuliza badala ya kulazimisha jibu. Goli la soka ni mita 7.32 kwa 2.44, na hiyo ni 3 kamili. Kuna magoli ya pamoja ambayo chini ni la soka na nguzo zimeendelezwa juu kwa mchezo mwingine. Hukutwa kwenye viwanja vya shule na vya manispaa, kwa hiyo usianzie kwenye viwanja vikubwa.

Swali: Picha yangu ina Hill 16 waziwazi, lakini mistari ni ya raga. Imehaririwa?

Jibu: Si lazima. Kati ya 2007 na 2010 Croke Park ilipokea mechi za raga na soka za timu za taifa za Ayalandi, wakati uwanja wa Lansdowne Road ukijengwa upya. Umepata uwanja na miaka kwa pamoja. Na picha ya Kigaeli ikiwa na tao kubwa la mita 40 mbele ya goli, tao hilo liliingia kwenye ligi mwaka 2025.

Swali: Ukishajua ni Kigaeli, si basi ni Ayalandi?

Jibu: Mara nyingi, si kila mara. Kuna uwanja wa Kigaeli Ruislip, London, na mwingine Bronx, New York. Tazama majengo ya nyuma kwanza.

Swali: Nje ya mada kidogo: goli la njano la mpira wa Kimarekani, nitajuaje ni Marekani au Kanada?

Jibu: Swali zuri. Soma namba ya katikati ya uwanja: Marekani ni 50, Kanada ni 55. Namba zikiwa zimefutika, tazama goli limesimama wapi. Kanada limesimama kwenye mstari wa goli wenyewe, na eneo la kufungia liko nyuma yake. Marekani limesogezwa hadi mwisho kabisa wa eneo hilo.