Somo: Kuchagua sakafu ya duka kati ya vigae, zege la kusuguliwa na vinaili

Tuchukue mfano wa duka la nafaka na mafuta ya kula lililoko Ngamiani, Tanga, lenye mita 4 kwa 5, ambalo wateja huingia moja kwa moja kutoka njia ya mchanga.

Hatua ya kwanza ni kutazama kinachoingia na kinachomwagika. Mchanga ndio adui mkubwa, kwa sababu chembe zake ni ngumu na kila nyayo huzisugua sakafuni. Vigae vyeusi vya kung'aa huonyesha mikwaruzo mapema, na kwanza kabisa mbele ya kaunta, mahali wateja wanapogeuka.

Hatua ya pili ni kupima sakafu iliyopo. Bandika kipande cha nailoni chenye upande wa sentimita 45, uzibe kingo zote kwa utepe, kisha ukifunue baada ya saa 24. Ukikuta matone chini yake, au saruji imekuwa nyeusi, unyevu unapanda kutoka ardhini, na vinaili ya kugundishwa itaachia na kufura. Halafu kwaruza saruji kwa msumari: ikitoka unga, hiyo ni lipu dhaifu ya sakafu, si zege imara, na mashine ya kusugua itaimomonyoa badala ya kuing'arisha.

Hatua ya tatu ni kujaribu mshiko. Omba sampuli, uimwagie maji, kisha tone la mafuta, uikanyage kwa kandambili huku umeshika meza. Zege lililong'arishwa sana hushika vizuri likiwa kavu, lakini mafuta hulifanya liteleze. Kwa vigae, tafuta alama ya daraja la kuzuia utelezi, R10 au zaidi. R9 ni ya sehemu kavu. Vinaili ya dukani iwe na tabaka la juu lisilopungua milimita 0.5.

Kwa duka letu, nailoni ilitoa matone na msumari ukatoa unga, kwa hiyo ningechagua vigae vya poseleni visivyong'aa, baada ya fundi kuondoa lipu iliyolegea na kuimwaga upya. Mita za mraba 20, pamoja na asilimia 10 ya kukata na akiba, ni 22. Kwa vigae vya sentimita 40 kwa 40 utanunua 138.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Pangani: Shikamoo mwalimu. Nimeshaweka vigae vya kung'aa; je, nivibomoe?

Jibu: Marahaba. Usivibomoe kwanza. Weka zulia gumu la mlangoni lenye urefu wa mita 2 hivi, ili kila mguu ukanyage zaidi ya mara moja, na mafuta yakimwagika uyaoshe kwa maji ya moto na sabuni, kwani kupangusa kwa kitambaa kikavu huyasambaza tu.

Mwanachama wa Muheza: Duka langu ni la nguo na sakafu ni kavu. Je, vinaili inafaa?

Jibu: Inafaa, ndugu yangu, mradi rafu nzito uziwekee vibao chini ya miguu, vinginevyo zitaacha mashimo.